Mali Ikishauzwa

Bango lilikaa ukutani dukani kwetu, juu ya kichwa cha kaka yangu, limeandikwa kwa rangi nyekundu na fundi yuleyule aliyeandika vibao vya saluni nyingi za Kilwa Masoko: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Aliyeliweka ni marehemu baba, enzi hizo duka likiuza taa za chemli, sufuria na majembe. Jembe likishauzwa lirudi kufanya nini? Kaka alipoanza kuleta friji, friza, televisheni na sola, bango halikushushwa. Mali ilibadilika, maneno yakabaki. Mimi nilifagia chini yake kila asubuhi na sikuwahi kuinua macho. Bango likikaa sana ukutani linakuwa kama mjusi: unajua yupo, humshughulikii.

Na wala halikuwa kweli. Mali ilirudishwa. Mtu akija na feni isiyozunguka, akapaza sauti hadi wapita njia wakasimama, kaka alimpa nyingine haraka haraka ili aondoke. Mtu aliyesoma naye madrasa alibadilishiwa pasi na kupewa soda juu. Aliyebaki na kitu chake kibovu ni yule mwenye haya, aliyesoma bango, akaliamini, akarudi zake nyumbani. Hili nililijua. Nililiona kuwa ndiyo biashara.

Sasa nimtaje mama wa Somanga. Alikuwa mtu mzima, mjane, mwenye sauti nene na ulimi mkali, anayeuza barafu, maji baridi na juisi ya ukwaju pale mabasi ya Lindi na Dar es Salaam yanaposimama. Wavuvi nao walimfuata kununua barafu ya kuwekea samaki. Kabla ya kuwa na friza alikuwa akiagiza barafu kwa watu na kuuziwa iliyoanza kuyeyuka. Akajinyima, akaweka akiba yake kwenye kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa, akauza na mbuzi, akaja kununua friza kwetu. Siku ile alilizunguka kama mtu anayechumbia. Aligonga mlango, akasikiliza mlio, akauliza kama linaweza kugandisha hata wakati wa joto la Somanga. Kaka akacheka, akamwambia, “Mama, hili litagandisha hata maneno yako.” Akacheka na yeye. Alipewa risiti na kadi ya friza kutoka kwa wakala wa Dar anayetuletea mzigo, ikapigwa muhuri, friza likapakiwa kwenye fuso.

Alirudi baada ya miezi, peke yake, kuja kununua deli kubwa, lile boksi la kuwekea barafu isiyeyuke. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ndogo, na sauti yake haikuwahi kuwa ndogo. Nikamtania, “Mama, friza limejaa mpaka unataka na deli?” Akakaa kwenye benchi. Akavuta upande wa khanga, akafuta jasho.

“Friza limekufa, mwanangu.”

“Limekufa lini?”

“Siku nyingi. Lilianza kwa kutogandisha. Maji yanakuwa baridi tu, hayakamati. Nikaita fundi pale pale Somanga, akakata bomba, akatia gesi. Likafanya kazi kidogo, halafu kompresa ikanguruma, ikanyamaza. Sasa naweka humo unga.”

Nikamuuliza kwa nini hakutuletea, maana lilikuwa bado ndani ya mwaka. Akaninyooshea kidole bango. Nikamwambia bango ni bango, lakini alipewa kadi. Hapo akashusha sauti zaidi, akatazama mlangoni kama kuna mtu anasikiliza.

“Kadi niliisoma. Imeandikwa, bidhaa hii ipo chini ya dhamana kwa miezi kumi na miwili. Ndiyo iliyonitisha.”

Sikumwelewa. Akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto. Kwao dhamana ni mbili. Moja ni ya polisi: mwanao akikamatwa, unakwenda kumwekea dhamana. Ya pili ni ya kikoba: ukikopa unaandikisha kochi lako au cherehani kuwa dhamana, ukishindwa, wanachama wanakuja wanakibeba. Jirani yake walimbebea kochi mchana kweupe, watoto wakiwa wamelikalia. Yeye alilipa friza taslimu, lakini kadi ikamwambia liko chini ya dhamana mwaka mzima. Akahesabu kuwa mwaka huo wote friza bado lina mkono wa duka, na likijulikana kuwa limeharibika mikononi mwake, tutakuja na fuso kulichukua na kumdai juu. Kwa hiyo alilifunika khanga. Fundi alimwita jioni, mlango ukiwa umefungwa.

Nilitaka kucheka, nashukuru sikucheka. Neno lile nimelisoma maisha yangu yote na sikuwahi kujua kwamba linaweza kumwingia mtu namna hiyo. Wakala alimaanisha kwamba yeye ndiye aliyefungwa, sio mama. Kwamba kosa la kiwandani likitokea, ni juu yake kulitengeneza bure. Mama alisoma kila neno sawasawa, akaelewa kinyume chake. Kama angelileta siku ile lilipokataa kugandisha, fundi wetu angelipima na kulitengeneza, na asingetoa hata shilingi. Niliona uchungu nilipolitambua hilo, na niliona uchungu zaidi nilipolazimika kumwambia.

Akanisikiliza. Akasema tu, “Kumbe.”

Kaka alipotoka stoo tukamweleza. Akaanza na methali, kama kawaida yake: “Mficha maradhi, mama, kifo humuumbua.” Nikamkazia jicho. Akanyamaza, akampigia wakala. Wakala akasema friza lipimwe kwanza na fundi anayetambuliwa na kampuni, picha zitumwe, pamoja na namba iliyobandikwa nyuma ya friza na risiti. Risiti ndiyo ikawa mtihani mwingine. Mama aliitunza vizuri mno, kwenye pochi ya plastiki pamoja na cheti chake cha kikoba, alichokiita cheti cha ubatizo wa mkopo. Lakini karatasi za mashine za risiti hazipendi joto, na ilikuwa nyeupe kama haijawahi kuandikwa. Bahati namba ya friza ilikuwa kwenye kadi, na sisi tulikuwa na nakala ya risiti.

Friza likaletwa juu ya gari la mizigo, kupitia Nangurukuru. Fundi wetu akalilaza, akaangalia bomba lilipokatwa na kuungwa vibaya, akatikisa kichwa, akapiga picha. Jibu lingetoka Dar. Mama akaamua kusubiri kwa binti yake aliyeolewa hapa Masoko, na kila siku baada ya kunywa chai alikuja kukaa kwenye benchi letu. Hakutaka kurudi Somanga mikono mitupu. Msimu wa joto ulikuwa unaingia, na barafu ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na wajukuu zake.

Katika kusubiri huko ndiko tulikoandika upya masharti ya duka. Mimi ndiye niliyemkalia kaka shingoni. Yeye aliogopa. “Mteja akielewa sana,” alisema, “atatufilisi.” Nikamwambia asipoelewa ataita fundi kwa kujificha, na huko kufilisika kunakuwa kwake. Siku moja alipita afisa mmoja wa biashara kuangalia leseni, nikamuuliza kuhusu bango. Akatujibu bila kutuzungusha kwamba maneno ya ukutani hayamwondolei mnunuzi haki yake. Mtu akiuziwa kitu kibovu ana haki ya kudai, andikeni mtakavyo. Mnaweza kukataa kumrudishia aliyebadilisha mawazo tu, hiyo ni hiari yenu. Kaka akashusha bango siku hiyo hiyo. Ukuta pale ulikuwa na rangi ya zamani, ya kijani, ambayo nilikuwa nimeisahau.

Nikaandika rasimu. Nilijiona fundi wa Kiswahili. Niliwahi kufundisha shule ya msingi, na kalamu nyekundu haijanitoka mkononi. Nikaandika “mteja atawajibika”, nikaandika “hitilafu itokanayo na uzalishaji”, nikaandika “fundi asiyeidhinishwa”. Nikamsomea mama kwa sauti, kwa kuwa alikuwa pale na hana kazi.

“Umeandikia nani?” akauliza.

“Wateja.”

“Wateja gani? Mahakimu?”

Kaka akacheka mpaka akashika kaunta. Nikakasirika kidogo, sitaficha. Lakini nikageuza karatasi, nikamwambia haya, tuandike pamoja.

Neno dhamana lilikuwa la kwanza kutoka. Kaka akasema tuweke garantii, kila mtu anasema garantii. Mama akakataa hilo nalo: “Ukiniambia garantii, mimi nasikia kikiharibika mnanipa kipya.” Na kweli, wengi ndivyo wanavyosikia, ndiyo maana ugomvi hauishi dukani. Kwanza kifaa hutengenezwa. Kikishindikana kutengenezwa ndipo hubadilishwa. Tukahangaika na neno moja litakaloeleza yote hayo, hatukulipata. Mwisho tukaacha kutafuta neno, tukaandika jambo lenyewe: Ndani ya mwaka mmoja, kitu kikiharibika chenyewe, kilete. Tutakitengeneza bure. Kikishindikana, tutakubadilishia. Chini yake mama akataka tuongeze: Ni mali yako. Hatutakunyang'anya.

“Hilo nani ataandika kwenye duka?” kaka akauliza. “Watadhani tumewahi kunyang'anya.”

“Andika,” mama akasema. Tukaandika.

Basi tukaendelea hivyo. Aliyenunua akabadilisha mawazo, tumempa siku saba, kitu kiwe hakijatumika na boksi lake lipo. Kila kitu kiwashwe mbele ya mnunuzi kabla hakijatoka dukani. Risiti ipigwe picha na simu kabla haijafutika, na aliyepoteza asikate tamaa, aje na namba ya nyuma ya kifaa, tutaangalia nakala yetu. Nauli ya kuleta kifaa ni ya mteja. Hapo kaka alisimama imara, na mama akamwambia hiyo ni haki, mradi imeandikwa mtu asije akashangaa. Nilianza kumwona kaka akiifurahia kazi. Mtu akilazimika kusema wazi anachokataa, anagundua vingine hakuwa na sababu ya kuvikataa.

Tukafika kwenye mipaka. Umeme ukikatika ukarudi kwa nguvu ukaunguza kitu, hilo si kosa la kiwanda. Tukaandika mteja anunue friji gadi, kile kifaa cha kuzuia umeme wa ghafla. Kilichoangushwa, kilichoingia maji ya chumvi, kilichotafunwa na panya, navyo hatuvitengenezi bure. Halafu tukafika kwa fundi.

Nilisita. Nilisoma sentensi yangu ya zamani haraka haraka: “Kifaa kitakachofunguliwa na fundi asiyeidhinishwa kitapoteza stahili zake.” Nilitaka tupite. Mama akaweka kikombe chini.

“Asiyeidhinishwa ndiye nani?”

“Ambaye kampuni haimtambui.”

“Fundi wangu mimi namtambua. Amezaliwa nyuma ya nyumba yangu. Mtu akisoma hivyo atasema, aa, fundi wangu hayumo humo.” Akafikiri. “Andika: Usimwite fundi wako. Akikifungua, sisi hatumo tena, hata kama kosa lilikuwa la kiwanda.”

Kaka akajifanya anapanga waya za sola. Mimi kalamu ilikuwa mkononi na mkono haukwenda.

“Mama,” nikamwambia, “la kwako bado halijajibiwa.”

“Najua. Andika. Na iwe kubwa.”

Nikaandika. Nikamuuliza kama tuongeze sababu, maana mtu anayekatazwa bila sababu hukasirika. Akasema ongeza. Tukaongeza kwamba bomba likishakatwa na gesi ikishaguswa, hakuna anayeweza kujua tena kosa la kwanza lilikuwa la nani. Hiyo ndiyo kweli yenyewe, na afisa wa biashara alikuwa ametuambia vilevile: haki ipo, lakini lazima ionekane kwamba kitu kilikuwa kibovu tangu kwetu. Friza la mama huenda lilikuja na bomba linalovuja tangu kiwandani. Mimi ninaamini hivyo hadi leo. Lakini mahali pa kuonyesha hivyo palikuwa pamekatwa kwa msumeno na kuungwa upya, na imani yangu haikuwa picha ya kutuma Dar.

Mchoraji akaja, akaandika yote kwenye bango jipya kwa rangi nyeusi, herufi ndogo na kubwa kama za kitabu, si zile za kupiga kelele. Mama akasimama nyuma yake akimsahihisha nafasi. Watu waliingia kununua betri wakabaki wakisoma. Mzee mmoja wa Songo Songo alisoma hadi mwisho akasema duka hili sasa limeanza kuongea. Kwa siku chache nilikuwa na furaha, na katika furaha hiyo nikaanza kudhani kwamba mambo mazuri huja pamoja, kwamba na jibu la Dar litakuwa jema.

Jibu likaja kwa simu ya kaka. Niliona uso wake kabla hajafungua mdomo. Alimkaribisha mama chai, ambayo tayari alikuwa anakunywa. Akaanza kusema habari za wakala, kwamba ni watu wazuri, kwamba wameangalia kwa makini, kwamba kule kuna taratibu nyingi. Aliongea kama mimi ninavyoandika rasimu.

Mama akamkatiza. Hakutazama ukutani, hakuwa na haja. “Usimwite fundi wako. Akikifungua, sisi hatumo tena, hata kama kosa lilikuwa la kiwanda.” Akamgeukia kaka. “Si ndivyo walivyosema?”

“Ndivyo, mama.”

“Basi wamesema sawa na sisi.”

Kaka alikuwa amejiandaa na jingine, na hapa namsifu, ingawa ni kaka yangu na simsifu mara nyingi. Akamwambia atamfungia kompresa mpya kwa bei aliyonunulia yeye, fundi bure, naye alipe kidogo kidogo mpaka iishe, barafu itajilipa yenyewe. Ilikuwa ofa nzuri. Nilishusha pumzi. Nikamtazama mama nikingoja aseme ahsante.

“Kidogo kidogo,” akasema. “Na nikishindwa mwezi mmoja?”

“Tutangoja, mama. Sisi si watu wa hivyo.”

“Kikoba nao walisema wao si watu wa hivyo.” Akatingisha kichwa. “Hapana, mwanangu. Likilipiwa kidogo kidogo ndiyo litakuwa dhamana kweli. Sasa hivi ni bovu, lakini ni langu.”

Nilimbembeleza. Nilimwambia tutaandika kwamba hatutalichukua, tutaandika kama tulivyoandika ukutani, tena kwa maneno yake mwenyewe. Akanishika mkono, akanipigapiga kiganja, kama mtu anayemnyamazisha mtoto wa mwenzie. Nadhani alitupenda. Nadhani alituamini hata. Lakini kuna woga ukishakaa ndani ya neno, hautoki kwa sababu watu wawili wa dukani wamebadilisha neno. Na sisi tulikuwa tumeliacha limfanyie kazi miezi mingi kabla ya kuligusa.

Alinunua lile deli alilolijia. Kaka akataka kumpa bure, akakataa, akakubali kupunguziwa. Tukalipandisha friza kwenye gari la kurudi Somanga, na deli ndani yake, na ndani ya deli mchele wa binti yake.

Baadaye bango jipya lilifanya kazi, lazima niseme. Kijana mmoja wa Kivinje alileta friji lake halijaguswa, bomba lilikuwa linavuja, fundi wetu akalitengeneza bure na likaondoka siku ya tatu. Alishukuru sana. Alisema alikuwa karibu kumwita jirani yake, akakumbuka alichosoma ukutani. Nilimwambia karibu tena, nikaingia stoo nikakaa juu ya boksi la televisheni, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka mama ndani ya gari, siku ile alipoondoka.

Injini ya gari ilikuwa inanguruma tayari. Alikuwa ameketi mbele na dereva, dirisha wazi, na mimi nimesimama chini. Nikasema lile ambalo mtu husema: mama, tunashukuru, umetusaidia sana, bila wewe tusingeweza kuandika vile.

“Mmeandika vizuri,” akasema. “Hata mimi nimeelewa. Mngeandika hivyo kabla sijanunua, leo ningekuwa nauza barafu.”

Hakulisema kwa hasira.